Somo: Hamisha dumu la mafuta, lisikae kando ya sigiri

Wengi wetu hubana posho na matoke, kumbe kalori zinaingia kupitia mkono unaomimina mafuta. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban kalori 120. Jaribu leo: mimina mafuta kwenye bakuli kama unavyomimina sufuriani, kisha yapime kwa kijiko. Mimi nilipata vijiko 6, vya maharage ya watu 4. Hizo ni kalori 720. Vijiko 2 vilitosha kukaangia kitunguu na nyanya, yaani kalori 240, na kila sahani ikapungukiwa na 120. Mume wangu alidai chumvi ndiyo imepungua. Haikupungua.

Hatua ya kwanza ni sokoni: nunua chupa ya lita 1. Ukinunua dumu la lita 5 kwa sababu ya bei, jaza chupa moja, dumu likae chumba kingine.

Pili, asubuhi pima mafuta ya siku nzima kwenye kikombe. Kwetu ni vijiko 4, vya milo miwili. Kikombe kikae karibu na sigiri, chupa irudi rafu ya juu. Anayetaka kuongeza apande kiti kwanza.

Tatu, andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Lita 1 ni kama vijiko 66, kwa hiyo vijiko 4 kwa siku hufika siku ya 16. Ikiisha siku ya 10, kuna mtu anamimina, na mara nyingi ni mpishi mwenyewe.

Kitunguu kikishika chini, tia maji kijiko kimoja na ufunike. Usitie mafuta tena.

Karanga za kukaanga nazo zitoke mezani. Ziwe kwenye kopo lenye kifuniko, na mezani pakae ndizi.

MASWALI

Dada wa Arua: Mama mkwe ndiye anayepika, na siwezi kumwambia apime. Nifanyeje?
Jibu: Usimwambie kitu, dada. Mpelekee kikombe kimeshajazwa, pamoja na vitunguu ulivyokatakata. Atatumia kilicho mbele yake.

Kaka wa Jinja: Nikihamia mafuta ya alizeti au ya zeituni, je?
Jibu: Kalori ni zilezile kwa kijiko. Hapo utabadilisha aina ya mafuta tu, kipimo kibaki palepale.

Mama Watatu, Kampala: Na mchuzi wa binyebwa?
Jibu: Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo usiukaangie. Chemsha binyebwa na maji, kitunguu na nyanya, koroga mpaka mafuta yaelee juu yenyewe.

Mama Watatu tena: Nina mtoto wa mwaka mmoja. Naye apunguziwe?
Jibu: Hapana, mama. Tumbo lake ni dogo na anahitaji mafuta ili akue. Mpakulie chake kwanza, umtilie kijiko kidogo cha mafuta juu.