Kabla ya kuchora safari ya chakula mwilini, zingatia haya

Nunua karatasi mbili za manila, maana moja utaiharibu. Anza na penseli. Chagua mlo mmoja na uufuate mpaka mwisho: tuseme ugali, sukuma wiki na nyama ya kukaanga.

Ini liwe upande wa kushoto wa karatasi, kwa sababu mtu aliyechorwa amekutazama. Mshale wa chakula usipite ndani ya ini wala kongosho. Nyongo na maji ya kongosho ndiyo yanayotoka huko na kumiminika mwanzoni mwa utumbo mwembamba.

Sasa kuhusu ufyonzaji, hapa usikimbie. Mwaka jana binti yangu alikuwa anamalizia mchoro huu saa nne usiku, hapa kwetu Kayole. Aliniuliza aweke wapi nukta nyekundu za kuonyesha chakula kinapoingia kwenye damu. Nikamwambia bila kufikiri, "Weka tumboni, mama, si ndiko shibe iliko?" Akaujaza ule mfuko nukta, akazikoleza vizuri. Kesho yake alirudi na mkasi mkubwa wa kalamu juu ya kazi yote, na alikuwa amelia. Mpaka leo inaniuma, maana kosa lilikuwa langu.

Neno letu ndilo lililonipoteza. Tumbo tunaliita hili lote la nje, na tumbo tunauita pia ule mfuko wa ndani. Kwa hiyo kwenye mchoro andika "mfuko wa tumbo". Humo nyama hulowa asidi na kuanza kuvunjwa, lakini karibu hakuna chakula kinachofyonzwa. Pombe kidogo hupenya pale, ugali haupenyi.

Ugali huanza kuvunjwa kinywani kwa mate. Utafune muda mrefu bila kumeza, utaona unaanza kuwa mtamu, kwa sababu wanga unageuka sukari. Kazi hiyo hukatizwa na asidi, kisha humaliziwa kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi. Nukta nyekundu zijae huku. Ukuta wake una vijidole vingi vidogo mno. Sukari ya ugali na protini ya nyama iliyovunjwa huingia kwenye damu ya vijidole hivyo na kupelekwa kwanza kwenye ini. Mafuta ya kukaangia hayafuati njia hiyo. Huingia kwenye mishipa ya limfu, kwa hiyo yape rangi nyingine, njano kwa mfano.

Utumbo mpana uwekee nukta za buluu, kwani kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi. Nyuzi za sukuma wiki ziendelee hadi kwenye puru na kutoka mkunduni. Andika neno hilo bila aibu.

Mistari ya majina isipishane, na wino ukauke kabla hujaikunja manila. Na mvua ya asubuhi ikinyesha, ifunike kwa nailoni kabla ya kupanda matatu.