Kabla hujapanda Sipi na baiskeli ya mbio, hesabu meno kwanza

Kijana wa dada yangu alinunua baiskeli ya mbio ya mtumba hapa Kampala, akaja kwangu na furaha yote, mjomba mwezi ujao napanda na wenzangu kutoka Mbale mpaka Sipi, kule kwenye Mlima Elgon. Nikamwambia sawa, ila gia yako nyepesi kabisa ina meno mangapi? Akasema mjomba hii ina gia 20. Mi sijauliza ngapi, nimeuliza meno. Tukaigeuza hapo kwenye baraza tukaanza kuhesabu kwa kidole, mbele kubwa 53, ndogo 39, nyuma ndogo 12 na ile kubwa kabisa karibu na spoku 25. Nikajua hapo kuna shida, tena shida ambayo mazoezi ya mwezi mmoja hayaiondoi.

Ngoja nieleze kwa nini, maana watu wengi wanaangalia wingi wa gia tu. Chukua meno ya mbele gawa kwa ya nyuma, 39 kwa 25 ni 1.56, yaani pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu na kidogo. Gurudumu la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja linakula kama mita 2.1 za barabara, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unamsogeza mita 3.3 hivi, hata akiwa kwenye gia yake nyepesi kuliko zote. Sasa mtu mgeni wa kilo 75 kama yeye, kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 8, akienda kwa nguvu anayoweza kuishikilia muda mrefu bila kukata pumzi, atakuwa kwenye kilomita 7 na nusu kwa saa, hiyo ni mita 125 kwa dakika. Gawa 125 kwa 3.3 unapata mizunguko 38 kwa dakika. Hiyo ndo kadensi yake, yaani mizunguko ya pedali kwa dakika, apende asipende, labda aongeze nguvu ambayo bado hana.

Na 38 ni ndogo mno. Kwenye tambarare watu wengi wanazungusha 80 mpaka 90, mlimani kushuka mpaka 60 au 70 ni kawaida na mgeni asiogope, lakini ukienda chini ya 50 ujue unasukuma vyuma. Kasi ikiwa ile ile, ukipunguza mizunguko kwa nusu kila msukumo wa mguu lazima uwe mzito mara mbili, na uzito huo unapita kwenye goti. Mi mwenyewe nilipanda kilima cha Muyenga hapa Kampala miezi kadhaa na gia kama hiyo hiyo ya kijana, muuzaji aliniambia ni baiskeli nzuri ya milima nami nikaamini bila kuhesabu, nikaishia na maumivu mbele ya goti pale chini kidogo ya kile kifuniko, kushuka ngazi tu ilikuwa taabu. Mapafu yalikuwa bado yana hewa ila mapaja yamekwisha, na hiyo ndo dalili yenyewe, miguu ikiwaka moto kabla pumzi haijakata gia ni nzito, pumzi ikikata huku miguu inazunguka kirahisi basi umekwenda haraka mno, punguza mwendo.

Basi tukarudi kwenye hesabu. Akibadilisha kaseti tu, yaani lile rundo la gia za nyuma, aweke yenye kubwa ya meno 28, anafika mizunguko 43, bado. Akasema basi tubadilishe ile ndogo ya mbele tuweke 34, na hapa ndo watu wanapoteza hela, kwa sababu mkono wa pedali wa zile za 53 na 39 kwa kawaida matundu yake ya boliti yako kwenye duara la milimita 130, na duara hilo haliwezi kubeba chini ya meno 38. Ukitaka 34 unanunua mkono mzima wa pedali wa aina ya kompakti, wa 50 na 34. Kwa 34 na 28 anafika 49, kwa 34 na 32 anafika 56, na 56 kwa sehemu kali ya mlima kwa mtu mgeni inavumilika kabisa. Ila kaseti ya 32 nayo ina masharti, ile direla ya nyuma, kifaa kinachohamisha cheni, yenye mkono mfupi, hasa za zamani, nyingi mwisho wake ni meno 28 hivi, ukiweka 32 inagusa kaseti au cheni inalegea, kwa hiyo inatakiwa yenye mkono mrefu na cheni mpya iliyokatwa kwa urefu wa kupita kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Fundi alitafuta vipande hivyo vya mtumba wiki mbili, na mapema ndo vizuri, usianze kutafuta siku tatu kabla ya safari.

Vikishafungwa usiende mlimani moja kwa moja. Baiskeli iinuliwe, zungusha pedali kwa mkono, peleka cheni taratibu mpaka kwenye ile 32 halafu isukume direla kwa kidole kuelekea kwenye spoku. Ikitaka kwenda mbele zaidi ya hapo, skrubu yenye herufi L ikazwe, kwa sababu gia hiyo utaiita siku umechoka na unasukuma kwa nguvu zote, cheni ikirukia kwenye spoku hapo umekwisha, unaanguka na gurudumu linaharibika.

Jambo lingine ni kujifunza kubadilisha mapema, na hili kijana lilimchukua muda kuliko yote. Alikuwa anangoja mpaka pedali inakuwa nzito kama jiwe ndo anabonyeza, cheni inapiga kelele kraa kraa na haishuki, maana cheni iliyovutwa kwa nguvu haihami vizuri. Ile ya mbele iteremshe ukiwa bado unakaribia mlima, miguu ikiwa myepesi, na wakati huo huo zile za nyuma sogeza gia mbili kwenda kwenye nzito, la sivyo miguu itazunguka hewani ghafla na utayumba. Baada ya hapo unatumia za nyuma tu, moja moja, na kila ukibonyeza lainisha mguu kwa nusu mzunguko. Ukitaka kusimama kwenye pedali ili kupumzisha mgongo, weka gia moja nzito zaidi kwanza, ukikaa irudishe.

Kipimo cha mwisho tulifanya Muyenga, asubuhi mapema kabla bodaboda hazijajaa. Hakuna haja ya kompyuta ya baiskeli, hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Alipata 14 kwenye sehemu kali, yaani 56, na alikuwa bado anaweza kunijibu kwa sentensi nzima. Wewe ukipata chini ya 12 ukiwa tayari kwenye gia nyepesi kabisa, ahirisha Sipi, rudi kwa fundi, kwa sababu ukishapita Muyembe, kati ya Mbale na Sipi, barabara inaanza kupanda kwelikweli, na pale Muyenga ukichoka unageuka tu unarudi nyumbani lakini kule bado una kilomita nyingi mbele yako.