SOMO: Kugeuza picha ya mtu iwe mchoro kwa programu ya akili mnemba bila kumbadilisha sura (someni kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, wiki hii pekee nimejibu mara tisa: "Nimeipa programu picha ya mama iichore, imeniletea mama wa watu." Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena namtupia kiungo.

Nitatumia kazi niliyoifanya mwezi uliopita. Picha ya bibi wa miaka sabini na kitu, kajifunga kanga, anatabasamu, ana mwanya na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Wajukuu walitaka mchoro wa kalamu ya wino na rangi ya maji wa kutia kwenye fremu.

Hatua ya 1. Chagua picha ambayo uso ni mkubwa na unaonekana vizuri. Ya harusi yenye watu arobaini, achana nayo.

Hatua ya 2: zana. Kwenye agizo unaloiandikia programu, taja kinachochora na kinachochorewa: kalamu ya wino, rangi ya maji, karatasi nene. Usiandike "kibonzo kizuri" wala "apendeze". Programu imejifunza kwa mamilioni ya picha zenye maelezo, na neno "kizuri" limekaa karibu na sura fulani: changa, laini, pua nyembamba. Ukiliandika, sura hiyo inakuja nalo. Zana haina sura, ndiyo maana ni salama.

Hatua ya 3: mstari. Minene kwa umbo la nje na nguo, myembamba usoni. Mstari mnene usoni unaziba macho na kumeza makunyanzi.

Hatua ya 4: mwanga. Hapa niliaibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kabla ya kazi ya bibi niliwahi kuchora mzee mmoja. Picha ilipigwa karibu na dirisha, mwanga unatoka kushoto. Mimi kwa ujuaji nikaandika "mwanga laini wa jioni kutoka kulia". Mchoro ukatoka wa kuvutia kweli, watoto wake wakautazama, wakasema: "Huyu si baba, ni kama mdogo wake." Nilirudia mara sita nikiongeza "sura isibadilike", haikusaidia. Baadaye ndipo nikaelewa. Kwenye picha, mfupa wa shavu na mgongo wa pua tunavijua kwa vivuli vyake. Ukiuhamisha mwanga, vivuli vya zamani havifai tena, na programu haina pengine pa kuvitoa isipokuwa kubuni vipya. Kivuli kipya ni mfupa mpya. Na neno "laini" ndilo lililomfuta makunyanzi, akapungua miaka ishirini.

Kwa hiyo tazama kwanza mwanga uliopo unatoka wapi, kisha uandike huohuo. Unachoruhusiwa kubadili ni namna kivuli kinavyochorwa: mistari iliyopishana, vidoa, au rangi iliyokolezwa. Ukitaka mwanga wa jioni, kapige picha jioni.

Hatua ya 5: rangi. Taja tatu au nne, na useme kila moja iende wapi. Rangi ya maji ina mtego wake: mchoraji wa rangi ya maji akitaka sehemu ing'ae huiacha karatasi wazi. Programu inaiga tabia hiyo, inauacha uso wazi, na bibi mweusi anatoka mweupe pe. Sema wazi kwamba ngozi ipakwe rangi yote.

Hatua ya 6: mtu mwenyewe. Taja tu vile ambavyo programu hupenda "kuvirekebisha", tena kwa ufupi. Ukiueleza mwanya kwa sentensi tatu, utapewa pengo.

Agizo la picha ya bibi lilikuwa hili:

```
Geuza picha hii iwe mchoro wa kalamu ya wino na rangi ya maji
kwenye karatasi nene.
Mistari ya umbo la nje na kanga iwe minene, ya uso myembamba.
Mwanga ubaki unatoka kushoto; vivuli viwe mistari iliyopishana.
Rangi: hudhurungi, bluu ya nili, njano ya haradali kwenye kanga.
Ngozi yote ipakwe hudhurungi, weusi uleule wa kwenye picha.
Umri, makunyanzi, mwanya, kovu la nyusi na mkao visibadilike.
```

Kukagua: weka mchoro juu ya picha ya asili, uufifishe hadi picha ionekane chini yake, kisha uuwashe na kuuzima. Kona za macho na za mdomo zikiruka, rudia.

———

Mzaramo_Original: Mkuu yangu inatoa mzungu. Tatizo nini?

Mwandishi: Umeandika nini?

Mzaramo_Original: "Mfanye apendeze kama katuni"

Mwandishi: Hatua ya 2.

Mzaramo_Original: Lakini nataka apendeze

Mwandishi: Hatua ya 2, mkuu. Nimeiandika ili nisiirudie.

Dada Pwani: Asante kwa somo kaka. Nataka kumchora baba kwa mtindo wa Tingatinga. Kila nikiandika jina hilo, nyuma yake anatokea twiga na ndege, na uso unakuwa kama kinyago. Nimejaribu kutaja zana lakini sijui nianzie wapi.

Mwandishi: Swali zuri dada. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, juu ya mbao za hadibodi kwa rangi ya mafuta inayong'aa, na wanyama ndio waliompa umaarufu. Kwa hiyo ukiandika jina, wanyama wanakuja nalo. Liache, eleza mkono: "rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, rangi bapa, ukingo mweusi, nukta nyeupe kwenye mandhari na shati tu". Hilo "tu" usilisahau, la sivyo baba atapata ndui. Jambo lingine: rangi bapa haina kivuli, kwa hiyo sura yote inabebwa na ukingo. Tumia picha aliyogeuka kidogo upande, pua na shavu vichoreke. Picha ya kutazama mbele kama ya pasipoti itakusumbua.

Fundi Kompyuta: Natumia Stable Diffusion kwenye mashine yangu. Agizo la Kiswahili halishiki kabisa.

Mwandishi: Hiyo andika Kiingereza, kisoma-maneno chake kilifundishwa hasa kwa maelezo ya Kiingereza. Halafu angalia `denoising strength`. Ikiwa 0 unarudishiwa picha yako, ikiwa 1 inakaribia kuisahau. Kwenye programu nyingine inakuja ikiwa 0.75, kwa uso ni kubwa mno. Anza 0.4, kisha panda taratibu. Na kumbuka Stable Diffusion inabana picha mara nane kila upande kabla ya kuichora: uso wa pikseli 80 unabaki vyumba 10. Kwenye vyumba 10 mwanya utakaa wapi? Kata uso, ukuze, ndipo uchore.

Fundi Kompyuta: Nimeshusha 0.4, mzee amerudi. Ila sasa inafanana na picha iliyochujwa, si mchoro.

Mwandishi: Panda 0.45, 0.5, ukikagua kila mara. Kuna mahali sura inaanza kuteleza, rudi nyuma kidogo hapo.

Kijana wa Mjini: Hivi si rahisi kuandika tu "usibadilishe sura"?

Mwandishi: Nimesema niliandika mara sita. Unasoma au unapitia?

Mama Kanga: Na maandishi ya kanga je? Yangu yametoka herufi za ajabu.

Mwandishi: Ya bibi ilikuwa "Wema hauozi", programu ikaandika "Wema hauzio". Agiza upindo uachwe wazi bila maandishi, kisha andika mwenyewe. Mimi niliyaandika kwa kalamu baada ya kuchapa. Nilivyompelekea, bibi alisoma kanga kwanza, uso akauangalia baadaye.