Kupata uwiano wa utegemezi kwenye piramidi iliyokatika namba

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kisumu alinitumia skrinshoti ya piramidi ya idadi ya watu. "Mwalimu, namba za chini zimekatika. Nifanyeje?" Zilibaki pau na miaka tu. Zinatosha, maana uwiano wa utegemezi, yaani watoto na wazee kwa kila watu 100 wa miaka 15–64, hulinganisha urefu wa pau kwa pau.

Hatua ya 1. Hakikisha pande zote mbili zina kipimo kimoja. Tazama pau za miaka 0–4. Kwa kawaida huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100, kwa hiyo pau hizo mbili hukaribiana sana. Moja ikiizidi nyingine waziwazi, usiendelee. Omba picha nzima. Picha ya kamera iliyopigwa kutoka upande pia haifai, kwa kuwa hurefusha pau za upande mmoja.

Hatua ya 2. Fungua picha kwenye Paint. Weka kishale kwenye ncha ya nje ya pau ya wanaume, usome namba ya kwanza inayoonekana chini kushoto; kisha ncha ya nje ya pau ya wanawake. Toa, halafu ondoa nafasi ya katikati yenye miaka. Mstari wa 0–4 ulianzia 150 ukaishia 710, na nafasi ni 40:

```
710 - 150 - 40 = 520
```

Rudia kila mstari hadi kileleni.

Hatua ya 3. Jumlisha kwa makundi matatu. Kwenye picha yake tulipata pikseli 1,640 za miaka 0–14, 2,200 za 15–64 na 160 za 65 kwenda juu.

```
(1640 + 160) / 2200 x 100 = 81.8
```

Yaani wategemezi kama 82 kwa kila watu 100 wa miaka 15–64. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kugawanya kwa jumla yote, 4,000. Hapo unapata 45, ambayo ni asilimia ya wategemezi, wala si uwiano.

Hatua ya 4. Ukitakiwa kutaja pia asilimia ya vijana kati ya watu wote, hapo ndipo panapohitaji uangalifu zaidi. Katiba ya Kenya inamhesabu kijana kuanzia miaka 18 hadi kabla ya 35, lakini pau ni ya 15–19. Chukua mbili ya tano zake, yaani umri wa 18 na 19. Pau hiyo ilikuwa 480, na zilizofuata hadi 30–34 ni 340, 300 na 280:

```
480 x 2/5 + 340 + 300 + 280 = 1112
1112 / 4000 x 100 = 27.8
```

Andika "takribani asilimia 28". Mahali penye watoto wengi, wa miaka 15 huwa wengi kuliko wa 19, kwa hiyo mbili ya tano huzidisha kidogo. Ukiichukua pau yote ya 15–19 utapata asilimia 35, na hao wa ziada ni watoto wa sekondari.

Angalia pia pau za 20–34 kama zimebonyea ghafla. Katika kaunti za magharibi, wengi wa umri huo huenda Nakuru au Nairobi kutafuta kazi. Uwiano wa kijijini hupanda, ilhali pesa wanazotuma nyumbani hazionekani kwenye piramidi.