Kabla hujaandika bakshishi kwenye bili ya Marekani, isome mpaka mstari wa mwisho

Ndugu zangu mlioko Marekani, na nyie mnaojiandaa kuja, leo nazungumzia karatasi moja tu: bili inayoletwa mezani mkishamaliza kula. Mambo mengine ya mgahawani mtayazoea wenyewe. Pesa inapotea kwenye mistari michache ya mwisho ya karatasi hiyo, na inapotea zaidi mkiwa kundi na kila mtu anataka kulipa cha kwake.

Bili yenyewe ni rahisi kusoma. Juu kuna orodha ya mlivyoagiza, halafu "Subtotal", yaani jumla ya chakula na vinywaji kwa bei ya menyu. Chini yake kuna "Tax", kodi ya mauzo, ambayo huku haimo kwenye bei ya menyu kama VAT ya kwetu ilivyozoeleka kuwamo. Baada ya kodi ndipo panapotakiwa macho. Ukiona mstari wa "Gratuity", "Auto Gratuity" au "Service Charge", ujue mgahawa umeshawatoza ada ya huduma, na "Total" inayofuata imeibeba. Tatizo ni kwamba ukishatoa kadi, slipu utakayoletewa usaini bado ina nafasi tupu iliyoandikwa "Tip", kana kwamba hakuna kilicholipwa. Mashine inachapa nafasi hiyo kwa kila mteja, haijali kama meza yenu imeshatozwa au la.

Migahawa mingi inaweka ada hii kwa makundi, kwa kawaida kuanzia watu sita au wanane, asilimia 18 au 20. Sharti hilo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu. Msidhani mkiomba bili zitenganishwe mmeikwepa, kwa sababu mara nyingi kinachohesabiwa ni ukubwa wa meza. Na bili ikishagawanywa ndipo mtego unapokaza: kila mmoja anapata slipu yake ndogo yenye kiasi kimoja cha kulipa, bila mchanganuo, kwa hiyo mstari wa ada hauuoni tena. Unaona "Tip", unaandika asilimia 20 kwa moyo mweupe, na kumbe umelipia huduma mara mbili. Narudia: bili kubwa yenye mchanganuo isomwe kwanza, tena na mtu mmoja kwa sauti, kabla kadi yoyote haijatoka mfukoni.

Mtego wa pili ndio ulioniumiza mimi, na huo hauhitaji hata kundi. Tulikuwa wawili, bili yetu dola 96, tukaomba igawanywe katikati, 48 kila mmoja. Haikuwa na ada ya huduma, kwa hiyo bakshishi ilitakiwa. Chini ya slipu palikuwa pamechapwa mapendekezo, kama ilivyo kawaida: asilimia fulani na kiasi chake, ili mteja asihangaike na hesabu. Kwenye asilimia 20 pameandikwa dola 19.20. Nikaandika 19.20, na mwenzangu akaandika hivyo hivyo. Nyumbani nilipoitazama tena ile risiti ndipo nikaelewa: asilimia 20 ya 48 ni 9.60. Mashine ilikuwa imepiga asilimia kwenye bili nzima ya 96, kisha ikachapa jibu lile lile kwenye slipu zote mbili. Kila mmoja wetu alilipa asilimia 40 akiamini ametoa 20. Niliporudi kuuliza niliambiwa ndivyo mfumo ulivyopangwa. Hilo lilinikasirisha kuliko dola zenyewe, kwa sababu mtu anayeyaamini mapendekezo ya karatasi ndiye anayetaka kumtendea mhudumu haki.

Kinga yake ni hesabu ya sekunde tano. Chukua kiasi kilicho kwenye slipu yako, sogeza nukta nafasi moja kushoto, hiyo ndiyo asilimia 10. Kwa 48 ni 4.80. Izidishe mara mbili, una asilimia 20. Kama karatasi au skrini inakuambia kiasi kilicho mbali na hicho, usibonyeze na usiandike cha kwao, andika chako. Mkigawana watu wanne, kosa la namna hiyo linafanya bakshishi iliyopendekezwa iwe mara nne ya inayostahili. Msiyaamini mapendekezo kwenye bili iliyogawanywa. Fanyeni hesabu wenyewe, kila mara.

Sasa kugawana kwenyewe. Tuchukue marafiki sita, "Subtotal" dola 240. Kodi asilimia 8 ni 19.20. Ada ya huduma asilimia 18, iliyopigwa kwenye chakula bila kodi, ni 43.20. Jumla 302.40. Njia ya haraka ni kugawa kwa sita, 50.40 kila mtu, na ni njia nzuri kama mlikula vinavyolingana. Lakini mara nyingi hamkulingana. Wa kwanza vyake kwenye menyu vilifika 68, wa pili 52, wa tatu 46, wa nne 34, wa tano 26, na wa sita, ambaye alikuja kwa ajili ya kuwaona tu, alichukua vitu vya dola 14.

Haki inapatikana kwa namba moja. Gawanya jumla ya mwisho kwa jumla ya menyu: 302.40 kwa 240 ni 1.26. Namba hiyo ina kila kitu ndani, chakula, kodi na huduma. Kila mtu azidishe vyake kwa 1.26. Wa kwanza analipa 85.68, wa pili 65.52, wa tatu 57.96, wa nne 42.84, wa tano 32.76, na wa sita 17.64. Zijumlishe, zinarudi 302.40 kamili. Mkigawa kwa usawa, yule wa sita anaongeza dola 32.76 juu ya deni lake, na wa kwanza anapunguziwa 35.28 bila kuomba. Wengi hawasemi kitu mezani, wanaona aibu, ila mkimwalika tena anakuwa na kazi. Vyakula vya kuchangia viwekwe kando, vigawanywe kwa waliovila, ndipo kila fungu liongezwe kwa mtu wake kabla ya kuzidisha. Na kama bili haina ada ya huduma, kubalianeni kwanza asilimia ya bakshishi kwa meza nzima, iongezeni kwenye jumla, ndipo mtafute hiyo namba. Kila mtu akichagua asilimia yake kimyakimya, anayepungukiwa ni mhudumu.

Hapa niwaseme kidogo wageni wetu, binamu na mashemeji mnaokuja kutembea. Mnaangalia menyu, mnaona dola 34, mnaweka 34 mezani na kuona mmemaliza. Kwenye mfano wetu, watu sita wakifanya hivyo zinapatikana 240, na dola 62.40 zinabaki shingoni mwa mwenye kadi. Si uchoyo, najua, ni kwamba nyumbani bei ya menyu ndiyo bei. Jingine: huku rafiki akikwambia "twende tukale" kwa siku yake ya kuzaliwa, hajasema atalipa. Kwetu aliyeita ndiye mwenye bili. Muulizeni mwenyeji kabla ya kutoka nyumbani, si mhudumu akiwa amesimama na karatasi.

Wapo wetu wanaosema bakshishi ni wizi na hawatoi. Nakubaliana nao kwamba utaratibu wenyewe ni mbaya. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, ilimradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha 7.25. Baadhi ya majimbo, California na Washington yakiwamo, yamekataa hilo na yanataka mshahara kamili kabla ya bakshishi, lakini mengi bado yanafuata mtindo huo kwa viwango mbalimbali. Kwa maoni yangu jamii tajiri kiasi hiki haikupaswa kumwachia mteja kazi ya kulipa mishahara. Lakini ukiacha nafasi ya "Tip" wazi kwa hasira, mwenye mgahawa haumii. Katika migahawa mingi mhudumu anawagawia wa baa na wasafisha meza kwa kufuata mauzo yake, kwa hiyo meza iliyoondoka bila kutoa inaweza kumla mfukoni mwake. Hasira hizo zipelekwe kwingine.

Kuna tofauti moja ambayo ingefaa kila mtu aijue. Bakshishi uliyoitoa kwa hiari ni mali ya wafanyakazi, na tangu 2018 sheria ya shirikisho inawakataza waajiri na mameneja kujichukulia. Ada ya lazima haiko hivyo. Mamlaka ya kodi, IRS, ilifafanua mwaka 2012 kwamba malipo ambayo mteja hana hiari nayo wala hakuchagua kiasi chake si bakshishi. Kwa hiyo ni mapato ya mgahawa kwanza, na kiasi kinachomfikia mhudumu kinategemea mwenye mgahawa na sheria za jimbo. Mkiona "Service Charge", muulizeni mhudumu kwa upole kama inamfikia. Akisema hapana, mnaweza kumwachia kidogo kwa pesa taslimu, mkijua mnachofanya. Walioko Uingereza mambo yao ni tofauti: ada ya huduma kule, mara nyingi asilimia 12.5, ikiandikwa "discretionary" unaweza kuomba iondolewe, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi zote na ada zote za huduma.

Ukishajua cha kulipa, jaza slipu vizuri. Kama huduma imeshalipwa, piga mstari kwenye nafasi ya "Tip", usiiache tupu, kisha andika jumla mwenyewe kwenye "Total". Piga picha nakala unayosaini na uondoke na nakala yako. Benki itaonyesha kwanza kiasi bila bakshishi, na baada ya siku chache kiasi cha mwisho kitatokea. Linganisha na picha. Kikizidi, piga simu mgahawani kwanza ukiwa na tarehe, saa na tarakimu nne za mwisho za kadi. Wasiporekebisha, fungua pingamizi benki na uambatanishe picha hiyo ya slipu. Bila nakala, utakuwa unabishana na karatasi iliyo mikononi mwao.