Kabla Hujalipa Kodi ya Chumba: Kupanga Mshahara wa Kwanza Kampala

Mambo madogo kwanza. Usikope simu mpya kwa sababu umepata kazi. Usitangaze kiasi unacholipwa, hata kwa marafiki. Ukianza kazi katikati ya mwezi, jua utalipwa siku ulizofanya tu. Nunua kaunta buku na kalamu, uviweke karibu na kitanda.

Sasa kaa chini, maana hili lililobaki lilinitesa miezi minne.

Mwaka 2019 nilitoka Busia kuja Kampala na barua ya ajira iliyoandikwa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kabla hata ya kulipwa nilikuwa nimeshazigawa. Chumba Ntinda 250,000. Nauli nilihesabu teksi 2,000 na boda 1,000, kwenda na kurudi, siku 22 za kazi: 132,000. Chakula cha mchana 5,000 kwa siku: 110,000. Nikaona nabaki na 308,000, nikamwambia mama nitakuwa namtumia pesa kila mwezi.

Mwisho wa mwezi kamili wa kwanza ziliingia 618,000. Nilikwenda mbio kwa mhasibu, mzee mmoja wa Bombo, nikidhani amekosea. Akanigeuzia karatasi ya mshahara na kuweka kidole kwenye mistari miwili. "Mwanangu, ile ya kwenye barua ni kabla ya makato. Hukuuliza?"

Sikuuliza. Mstari wa kwanza ulikuwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni: mfanyakazi anakatwa asilimia 5, yaani 40,000 kwangu, na mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Hiyo ni akiba yako, ila usiihesabu kwenye matumizi ya mwezi. Mstari wa pili ulikuwa PAYE, kodi ya serikali inayokatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vya wakati ule, 235,000 za kwanza hazikuguswa, kisha kodi ikapanda ngazi kwa ngazi, na kila shilingi iliyozidi 410,000 ilikatwa asilimia 30. Jumla ikawa 142,000. Kwa hiyo siku ile ile unayopewa barua, muulize mhasibu swali moja: "Mkononi nitapokea ngapi?" Muulize kwa viwango vya mwaka huu wa fedha, unaoanza Julai, na akuambie pia kodi ya huduma za mtaa, ambayo hukatwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Usichukue ahadi yoyote ya pesa kabla hajakujibu.

Rudia hesabu yangu kwa pesa halisi. Toa kodi ya chumba, toa nauli, toa chakula cha mchana: zinabaki 126,000. Gawa kwa siku 30, unapata 4,200 kwa siku. Humo itoke posho na maharage ya jioni, makaa, umeme wa Yaka, maji, sabuni, data na mama Busia. Hiyo namba ya siku ndiyo uitafute kwanza, kabla ya kugawanya chochote. Ukiona 126,000 unaona pesa. Ukiona 4,200 unaona kwamba boda moja ya mvua imekula chakula cha jioni.

Lakini makato hayakuniumiza kama kodi ya chumba. Mwenye nyumba alitaka miezi mitatu mbele, 750,000. Sikuwa nazo. Mjomba akanikopesha, tukakubaliana nimrudishie 250,000 kila mwezi. Kichwani kwangu hilo lilikuwa sawasawa na kulipa chumba kila mwezi. Nilimlipa mjomba kwa uaminifu, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikalala nikijua chumba sidaiwi. Mwanzo wa mwezi wa nne mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba amesimama na kitabu chake cha risiti: "Binti, miezi yako imekwisha. Naomba mitatu mingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukilipa miezi mitatu mbele, katika miezi hiyo unatakiwa uwe unaweka pembeni kodi ya miezi mitatu inayofuata. Na kama ya kwanza uliikopa, basi unalipa mara mbili: 250,000 za deni na 250,000 za kuweka. Nusu milioni kutoka kwenye 618,000. Haiwezekani, na ningeiona kwenye karatasi ndani ya dakika tano kama ningeandika miezi sita badala ya mmoja. Kwa hiyo wewe andika sita. Chora mistari, mwezi wa kwanza hadi wa sita, na uweke kila malipo makubwa kwenye mwezi wake.

Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshaingia pia kwenye mkopo wa pesa kupitia simu. Mwezi wa pili, tarehe 19, nilichukua 100,000 kwa ada ya 9,000, siku 30. Mshahara ulipoingia zikaondoka 109,000 kwa mkupuo, na kati ya zile 126,000 nikabaki na 17,000 za mwezi mzima. Unafikiri nilifanya nini? Nikakopa tena. Ada ya 9,000 inaonekana ndogo, lakini ukiilipa kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa 108,000 kwa kukopa laki ile ile moja. Kaka yangu ndiye aliyenitoa: alilipa deni, nikamrudishia 20,000 kila mwezi kwa miezi mitano.

Nilihamia Kireka, chumba kimoja cha muzigo cha 150,000, kwa mwenye nyumba aliyekubali mwezi kwa mwezi. Kutoka pale nilitembea hadi stendi, boda ikatoka kwenye hesabu, nauli ikashuka hadi 88,000. Mkononi zikabaki 270,000, yaani 9,000 kwa siku. Mshahara haukuongezeka hata shilingi.

Ndipo kaunta buku ikaanza kazi. Usiku, kabla ya kulala, andika kila kitu ulichotoa siku hiyo, hata chapati ya 500. Usipange mafungu bado, andika tu kwa siku 30. Kila Jumapili hesabu pesa uliyo nayo, linganisha na daftari. Tofauti usiifiche, iandikie neno "sijui". "Sijui" yangu ya wiki ya kwanza ilikuwa 23,000. Wiki ya nne ilishuka hadi 3,000, na nikaona zilikokuwa zikipotelea: nilikuwa natoa pesa za simu 20,000 mara tano badala ya 100,000 mara moja. Kodi ya serikali ya kutoa ni asilimia 0.5 vyovyote utakavyotoa, lakini ada ya kampuni inakatwa kila unapotoa, na tano ndogo zinazidi moja kubwa.

Baada ya siku hizo 30 ndipo ugawanye mafungu, kwa namba zako mwenyewe, si za rafiki anayekaa Bweyogerere kwao. Weka fungu la michango, maana kamati za harusi zitakupata mapema wakijua umeajiriwa. Jiandae Februari, Mei na Septemba, shule zinapofungua na wadogo zako wanapiga simu. Taja kiasi unachoweza kabla hujaulizwa. Mtu akikuomba umdhamini mkopo mwaka huu wa kwanza, kataa. Na karatasi za mshahara zitunze zote, hata ile ya nusu mwezi, ulinganishe na taarifa yako ya NSSF uone kama makato yanafika.