SOMO: Michirizi ya Gantt ndani ya Excel, yaani rangi zinazoonyesha siku za kila kazi kwenye kalenda, inayojichora yenyewe kutokana na tarehe za kuanza na kumaliza

Wakuu, swali la "kwa nini rangi zangu zimekaa ovyo" limejibiwa hapa mara nyingi mno. Naliandika lote mahali pamoja. Kuanzia leo nitakuwa naelekeza watu huku.

Tutumie ujenzi mdogo wenye kazi nne, wote ndani ya Machi 2025. Msingi ni tarehe 3 hadi 7, zege 8 hadi 10, ukuta 11 hadi 20, paa 18 hadi 25.

1. Mstari wa 4 uwe wa vichwa: A4 Kazi, B4 Kuanza, C4 Kumaliza, D4 Asilimia. Kazi zianzie A5 hadi A8.

2. Tarehe za kalenda ziende kulia kuanzia E4. Andika hizi mbili, kisha buruta ya pili hadi AH4. Utapata siku 30.

```
E4:  =MIN($B$5:$B$8)
F4:  =E4+1
```

3. Zipe tarehe hizo fomati ya `d` ili ionekane namba ya siku tu, kisha punguza upana wa safuwima. Ukiona ##### umepunguza kupita kiasi.

4. Chagua E5 hadi AH8, ukianzia E5. Nenda Home > Conditional Formatting > New Rule > Use a formula to determine which cells to format.

5. Andika fomula hii, chagua rangi kwenye Format > Fill, bonyeza OK:

```
=AND(E$4>=$B5,E$4<=$C5)
```

Hatua ya 4 na ya 5 ndizo zinazoharibu kazi za watu, na mimi niliziharibu kabla yenu, kwa hiyo someni taratibu.

Fomula hiyo unaiandika mara moja, lakini Excel inaisoma upya kwa kila seli uliyochagua, kana kwamba umeinakili. Alama ya dola ndiyo inayosema kipi kisisogee. Katika `E$4` mstari umefungwa na herufi iko huru: seli iliyo chini ya tarehe 12 itaangalia tarehe 12, yoyote ile iwe kazi yake. Katika `$B5` na `$C5` ni kinyume, safuwima imefungwa na mstari uko huru: kila kazi inaangalia tarehe zake yenyewe. Ukiandika `$E$4`, seli zote za mstari zitauliza kuhusu tarehe 3 peke yake, hivyo kazi nzima inapakwa rangi au haipakwi kabisa. Ukiacha `B5` bila dola, seli ya pili itaanza kulinganisha na C5, ya tatu na D5, na rangi zitatawanyika bila mpango.

Jambo la pili ni seli uliyoanzia kuchagua. Fomula husomwa kuanzia seli iliyo hai, ile nyeupe ndani ya eneo ulilochagua. Ukiburuta kutoka AH8 kurudi juu, seli hai ni AH8, na `E$4` itahesabiwa kutoka huko. Fomula itaonekana sahihi machoni na michirizi itakuwa imehama.

Na onyo la tatu: ndani ya kisanduku cha fomula usitumie vishale vya kibodi kurekebisha herufi. Vinaingiza anwani za seli katikati ya maandishi yako. Bonyeza F2 kwanza.

Kukagua: mstari wa msingi uwe na seli 5 zenye rangi, wa ukuta 10. Muda wa kazi ni `=C5-B5+1`, kwa sababu siku ya kuanza nayo inahesabiwa.

---

Swali: Nimefuata kila kitu, haifanyi kazi. Msaada.

Jibu: "Haifanyi kazi" haitoshi, ndugu. Weka fomula yako kama ilivyo, na eneo lililoandikwa kwenye Manage Rules, sehemu ya Applies to.

Swali: Fomula ni `=AND($E$4>=$B5,$E$4<=$C5)`.

Jibu: Rudi hatua ya 5, aya inayoanza na "Fomula hiyo". Jibu limo humo.

---

Swali: Samahani mkuu, yangu ni ya ajabu kidogo. Nimetumia mfano wako uleule. Msingi umeanza tarehe 3 vizuri lakini unaenda hadi mwisho wa kalenda. Zege, ukuta na paa havionekani kabisa. Dola nimezikagua mara tatu. Niliandika tarehe kama 11/3/2025.

Jibu: Umeeleza vizuri sana, na kosa si la fomula. Kompyuta yako imewekwa kusoma mwezi kabla ya siku. Fuatilia: msingi 7/3 umesomwa 3 Julai, ndiyo maana mchirizi haukomi. Zege imekuwa 3 Agosti hadi 3 Oktoba, nje ya kalenda yako. Mwanzo wa ukuta umekuwa 3 Novemba. Tarehe 18/3, 20/3 na 25/3 zimeshindikana kabisa kwa kuwa hakuna mwezi wa 18, hivyo zimebaki maandishi.

Excel huona maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Mwanzo ukiwa maandishi, hakuna tarehe inayoufikia na mchirizi haupo. Mwisho ukiwa maandishi, kila tarehe iko chini yake na mchirizi hauishi. Pima kwa `=ISNUMBER(C7)`. Ikitoa FALSE, hiyo si tarehe.

Andika upya kwa mtindo wa 2025-03-11, hausomwi vibaya. Usitengeneze zile za maandishi peke yake ukaziacha zilizogeuzwa, maana hizo zinapita ISNUMBER huku ni za uongo.

Swali: Imekubali! Na kazi ambayo bado haina tarehe ya kuanza, mbona inapakwa kuanzia mwanzo wa kalenda?

Jibu: Seli tupu inahesabiwa kama 0, na kila tarehe ni kubwa kuliko 0. Ongeza sharti:

```
=AND($B5<>"",E$4>=$B5,E$4<=$C5)
```

---

Swali: Dada hapa. Naomba sehemu iliyokamilika iwe na rangi nzito zaidi.

Jibu: Dada, ndiyo kazi ya safuwima D. Ongeza kanuni ya pili kwenye eneo lilelile:

```
=AND($B5<>"",E$4>=$B5,E$4<$B5+ROUND(($C5-$B5+1)*$D5,0))
```

Ukuta ukiwa 40%, ni siku 4 kati ya 10, yaani rangi nzito tarehe 11 hadi 14. Kwenye Manage Rules ipandishe juu ya ile ya kwanza. Zikigongana kwenye rangi ya seli, ya juu ndiyo inayoshinda.

Mchangiaji mwingine: Niongezee. Kalenda ikiwa ya wiki, kila kichwa kikiwa Jumatatu, fomula ya somo itakosa kazi fupi za katikati ya wiki. Tumia `=AND($B5<>"",E$4<=$C5,E$4+6>=$B5)`.

Jibu: Sahihi kabisa, hiyo inauliza kama wiki na kazi vinagusana. Nami niongeze moja: mkihamisha kazi kwa kunakili, bandikeni thamani tu (Paste Values). Bandika la kawaida hubeba kanuni pia, na baada ya muda Manage Rules inajaa vipande vya kanuni ileile, kila kimoja na eneo lake. Ikishafika hapo, futa zote na uanze tena hatua ya 4.